Biti ya Tisa

Z80 ilipotoka mwaka 1976 ilikuwa na amri za kujumlisha, kutoa na kusogeza biti, lakini amri ya kugawa haikuwamo. Sisi tuliojifunzia kwenye bodi za mafunzo zenye prosesa hiyo tulikutana na pengo hilo mapema, mara tu tulipotaka kuonyesha namba kwenye taa za vipande saba. Ndani ya rejista, 213 ni biti nane tu. Ili mtu aisome unahitaji 3, kisha 1, kisha 2, na tarakimu hizo hupatikana kwa kugawa kwa 10 na kushika baki kila mara.

Njia iliyomjia kila mmoja wetu kwanza ilikuwa kutoa 10, kuongeza moja kwenye hesabu, kutoa tena, mpaka kisibaki cha kutoa. Kwa 213 unazunguka mara 21 na kazi imekwisha. Shida huja namba zikikua. Ukigawa 65,535 kwa 1 utazunguka mara 65,535, na kwenye Z80 ya megahezi 4 hiyo ni zaidi ya nusu sekunde. Taa zinazowashwa kwa zamu zinaanza kupepesa, na ukigawa kwa sifuri programu haitoki humo kamwe.

Mwalimu wetu wa maabara hakutupa programu. Alichukua chaki, akaandika 213 kwa sifuri na moja, 11010101, akatutaka tugawe kama tulivyofundishwa shule ya msingi: unashusha tarakimu moja, unauliza kama kigawanyo kinaingia, unatoa, unashusha nyingine. Tofauti ni kwamba hapa kigawanyo ama kinaingia mara moja, ama hakiingii, kwa hiyo hakuna cha kukisia. Kushusha tarakimu ni kusogeza baki kushoto na kuingiza biti inayofuata upande wa kulia.

Tukaanza na baki 0. Biti ya kwanza ikashuka, baki ikawa 1. 10 haiingii, jibu 0. Ya pili ikaifanya 3, ya tatu 6, bado haiingii. Ya nne ikaifanya 13. Hapo 10 inaingia, tunaandika 1, baki 3. Ya tano, 6, haiingii. Ya sita, 13 tena, andika 1, baki 3. Ya saba, 6. Ya nane, 13, andika 1, baki 3. Jibu tuliloandika ni 00010101, yaani 21, na baki 3. Mizunguko minane kwa biti nane, hata kigawanyo kiwe 1 au 255.

Kwenye Z80 tuliiandika kwa biti 16 gawanya kwa 8. Namba iko HL, kigawanyo C, na baki inajengwa ndani ya A:

```
        xor  a
        ld   b, 16
tena:   add  hl, hl
        rla
        jr   c, toa
        cp   c
        jr   c, ruka
toa:    sub  c
        inc  l
ruka:   djnz tena
        ret
```

Amri `add hl, hl` inasogeza namba kushoto. Biti ya juu kabisa inaangukia kwenye bendera ya kubeba, na `rla` inaiokota na kuiingiza chini ya A. Nafasi iliyoachwa wazi chini ya L ndiyo inayopokea jibu, kwa hiyo namba inapotoka upande mmoja, jibu linaingia upande wa pili, ndani ya rejista zile zile. Mpaka leo naona huo ni ufundi mzuri sana. Kazi yote haifiki elfu moja ya mapigo ya saa. Kwa megahezi 4 ni kama sehemu mbili za elfu kumi za sekunde.

Mstari wa `jr c, toa` nilikuja kuuelewa baadaye kazini. Ililetwa mita ya kupimia kitambaa kinachofunguliwa kutoka kwenye jora. Gurudumu lake lilitoa mapigo 100 kwa mita, likachakaa, likawekwa jingine la mapigo 200, na namba ya kugawia ikabadilishwa ipasavyo. Kuanzia hapo mita ikasoma ajabu. Kwenye pigo la 200 ilionyesha 1, sawasawa. Kwenye pigo la 256 ilirudi 0. Kwenye pigo la 400 ikaruka hadi 2. Fundi mwenzangu alikwisha kulishuku gurudumu na waya zake. "Kaka," nikamwambia, "gurudumu halijui 256. Anayeijua ni prosesa."

Tulipoisoma programu ndani ya chipu ya kumbukumbu, mzunguko ulikuwa huu huu, ila mstari huo haukuwamo. Chukua mapigo 300 gawanya kwa 200. Baada ya biti 15 kati ya 16, baki ni 150, na 200 haiingii. Ukisogeza tena unapata 300, namba isiyoenea kwenye baiti moja. Biti ya tisa inatoka kwenye bendera ya kubeba na A inabaki na 44. Programu ikaona 44 ni ndogo kuliko 200, ikatoa jibu 0, baki 44. Ukihakiki, 0 mara 200 ongeza 44 ni 44, pungufu ya 300 kwa 256 kamili, na pengo la 256 katika hesabu za baiti karibu kila mara lina maana ya biti iliyodondoka. Bendera ikiwa 1, baki halisi lazima ni kubwa kuliko kigawanyo, basi unatoa bila kulinganisha: 44 toa 200, ndani ya baiti, ni 100. Ndiyo baki sahihi. Kwa kigawanyo cha 100 kasoro ilijificha, kwa sababu baki haivuki 99 na ikisogezwa haivuki 199.

Miaka ikapita, nikahamia kwenye AVR na lugha ya C. ATmega328P inazidisha kwa amri moja lakini haigawi, na kompaila inaita `__udivmodqi4` kutoka kwenye maktaba yake. Nilipoifungua nikakuta mzunguko ule ule, umepambwa zaidi: biti za jibu zinakusanywa kinyume, kisha `com` moja mwishoni inazigeuza zote. Biti ya tisa haikaguliwi, na ni sahihi. Namba yenyewe ni ya biti nane, kwa hiyo baki kabla ya msogeo wa mwisho haizidi 127. Hatari huja namba inayogawanywa inapokuwa pana kuliko kigawanyo, kama ilivyokuwa kwenye ile mita.

Siku hizi naandika alama ya mgawanyo bila kufikiri. Cortex-M3 ina amri ya `UDIV`. Cortex-M0+ haina, ila RP2040 ya mwaka 2021 imewekewa kigawanyi cha pembeni kinachomaliza kwa mapigo 8. Na kigawanyo kikiwa 10 tangu mwanzo, kwa namba za biti nane kompaila ya AVR haigawi kabisa: inazidisha kwa 205 na kusogeza kulia biti 11. Jaribu kwa 213: unapata 43,665, na ukiisogeza, 21.

Lakini mizunguko iliyoandikwa kwa mkono bado imo ndani ya mashine nyingi zinazofanya kazi. Ukikabidhiwa mmoja, usiupime kwa 10 peke yake. Upe 300 kwa 200, na uhakikishe unakujibu 1, baki 100.