Siku Niliyoiacha Bahasha Nyumbani

Ndugu yangu unayezunguka na bahasha ya vyeti, nakuandikia wewe.

Nilikuwa mtunza stoo mjini Migori. Kazi ilipokwisha, nilizunguka Awendo, Rongo, mpaka Homa Bay kwa miezi 7. Nikiingia ofisini, watu waliitazama bahasha kabla ya kunitazama mimi.

Kisha mwanangu akazidiwa. Ana selimundu, ugonjwa ulioenea huku kwetu kando ya ziwa. Damu ilimpungukia. Tukaambiwa tutafute wachangiaji. Ilikuwa usiku. Sikuwa na nauli. Nilishika simu, nikapekua majina. Sikuona wa kumpigia. Hata kuomba nilishindwa. Mama yangu akaomba badala yangu. Alfajiri shemeji yangu akafika na wenzake wawili wa kanisani, wakatoa damu. Mungu akatuachia mtoto.

Kwa shukrani nilijiunga na watu wa kujitolea wanaohamasisha uchangiaji damu. Mwanamume akishatoa hungoja miezi 3, kwa hiyo Jumamosi nyingi kazi yangu ilikuwa kubeba viti na kugawa soda na biskuti kwa waliotoka kitandani. Hapo wote hukaa robo saa hivi wakipumzika: mwalimu, meneja wa benki, mhandisi wa barabara. Hakuna mlinzi wala karani wa kukuzuia.

Nami nikaharibu. Nilimpa meneja mmoja bahasha yangu akiwa bado na sindano mkononi. Angekimbilia wapi? Mama aliyetuongoza akaniita kando. “Baba, huyu amekuja kutoa damu. Wewe unamdai kazi?” Niliona haya, nusura nisirudi tena.

Nilirudi bila bahasha. Miezi 4 ikapita, hakuna kilichotokea. Lakini nilikuwa palepale, kwenye meza ileile, na watu wakaanza kuniita kwa jina. Siku moja mfamasia wa Homa Bay alikuwa ameketi akinywa soda. Akaniona nikipanga katoni za biskuti, zinazokaribia kuharibika zikiwa mbele ili zitoke kwanza. “Hivyo ndivyo tunavyopanga dawa,” akasema. “Ulijifunza wapi?” Nikamwambia stoo, nikaishia hapo.

Baada ya wiki kadhaa alinitafuta. Yeye hakuwa na kazi ya kunipa. Alijua tu mahali walipotafuta mtunza stoo ya dawa, nafasi ambayo haikuwa imebandikwa popote. Nilifanya usaili kama wengine. Walipomuuliza kunihusu, aliwaeleza alichokiona kwenye zile katoni.

Sasa ninafanya kazi, namshukuru Mungu. Lakini baridi ya Julai ikiingia silali vizuri, kwa kuwa baridi humwamsha mtoto na maumivu ya viungo. Usiku hunyoosha mkono gizani, nikaigusa simu. Ndani mna majina 12 ya wenzangu wa Jumamosi, na yule meneja ni mmoja wao.