Jarida la Ofisi Lisilosomwa na Mtu, na Lile Lililosomwa Hadi Getini

Wasee, hebu niwaambie kitu kimoja kuhusu jarida la ndani la kampuni, lile linalotumwa kwa wafanyakazi kila mwezi na halifunguliwi. Tatizo lake huwa si picha wala rangi. Tatizo ni kwamba anayeliandika anaangalia hati ya mshahara ya bosi, na anayelisoma anaangalia yake.

Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, nikarudi hapa Mtito Andei kutengeneza video. Hapa kati ya Nairobi na Mombasa kila basi husimama, kwa hivyo kazi ya kupiga picha menyu na vyumba haikosekani. Kampuni moja ya hapa, yenye hoteli kando ya barabara, kambi ya watalii upande wa Tsavo na yadi ya malori, ilinipa kazi ya mabango. Baadaye wakaniongezea jarida la wafanyakazi. Ni watu kama 130 hivi: wapishi, madereva, askari, watu wa usafi, wahasibu. Si kampuni kubwa, lakini si kibanda pia. Ni ule ukubwa ambapo bosi hawezi tena kuongea na kila mtu, na bado anadhani anaweza.

Toleo langu la kwanza liliangukia Oktoba 2024. Mnakumbuka mwezi huo. Tarehe 1 Oktoba SHIF ilichukua nafasi ya NHIF, na nchi nzima ilikuwa inazungumzia makato. Watu walikuwa tayari wameumwa na ushuru wa nyumba, ule wa asilimia 1.5 ulioanza 2023. Ukiwa unalipwa 24,000, hiyo ni 360 inayotoka kila mwezi na nyumba hujaiona. Kwa hivyo ukitaja neno "makato" pale jikoni, sufuria zinanyamaza.

Ofisi ilinipa tangazo la kuweka kwenye jarida. Lilisema kwamba kufuatia kuanza kutumika kwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, wafanyakazi wote wanaarifiwa kuwa michango ya NHIF imekoma na badala yake kutakuwa na SHIF kwa kiwango cha asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato. Hapo hakuna uongo hata kidogo. Lakini dereva akisoma hiyo anabaki na swali moja tu: mimi nitakatwa ngapi?

Nikaketi na kikokotoo. NHIF ya zamani ilikuwa na ngazi. Mwenye 18,000 alikuwa anakatwa 600. Mwenye 24,000, 750. Mwenye 60,000, 1,300. Na kuanzia 100,000 kwenda juu, hata ukilipwa milioni, ilikuwa 1,700 basi. SHIF haina ngazi, ni asilimia tu. Ukipiga hesabu, wa 18,000 anakatwa 495. Wa 24,000, 660. Wa 60,000 anapanda hadi 1,650, na wa 100,000 anafika 2,750.

Soma tena hapo. Kwenye orodha yetu, kila mtu wa 32,000 kwenda chini alikuwa anapunguziwa. Wa 33,000 kwenda juu ndio walikuwa wanaongezewa. Wapishi, askari na watu wa usafi walikuwa karibu wote kwenye kundi la kwanza. Walioandika tangazo walikuwa kwenye kundi la pili, ndiyo maana kichwa walichopendekeza kilikuwa "Ongezeko la Makato ya Afya". Wao walikuwa wanasema ukweli wao. Lakini kichwa hicho kingetuma watu zaidi ya 100 nyumbani na hofu ya pesa ambazo hazingekatwa.

Basi niliandika upya hivi. Mstari wa kwanza: "Mshahara wa mwisho wa Oktoba: ukilipwa 24,000 utakatwa 660 ya afya, zamani ilikuwa 750." Halafu mistari minne ya mishahara tofauti, ya zamani na mpya, kila mtu atafute iliyo karibu na yake. Halafu kitu cha kufanya, kwa sababu hapa ndipo kulikuwa na hatari yenyewe: kuwa kwenye NHIF hakukutosha, ilibidi kila mtu ajisajili SHA na kuandikisha mke, mume na watoto. Unapiga *147# ukiwa na kitambulisho mkononi. Kukatwa pesa bila kusajiliwa ni kulipia kitanda ambacho hospitali haitakuonyesha. Jina la sheria na mwaka wake niliziweka mwisho kabisa, kwa anayetaka.

Meneja aliniita. "Kijana, jarida la kampuni linaanzaje na pesa? Ujumbe wa mkurugenzi uko wapi?"

"Uko chini, Mzee. Wakifungua kwa sababu ya pesa watafika huko."

Hakufurahi, lakini aliachilia.

Kuna jambo moja la kuangalia sana ukifanya mifano ya mishahara. Usiandike "mpishi mkuu atakatwa hivi". Kwenye kampuni ya watu 130 mpishi mkuu ni mmoja, na ukitaja makato yake umemtangaza mshahara wake kwa kila mtu mwenye kikokotoo. Andika shilingi za mviringo bila cheo. Ni ile heshima ya kawaida tu, lakini nimeona matangazo ya ofisi yakikosea hapo.

Sasa, kulituma. Hapa ndipo watu wa mjini hupotea, kwa sababu ushauri wote wa mitandaoni ni wa barua pepe. Kwetu wenye barua pepe ya kazi walikuwa kama ishirini, wote wa ofisini. Hata hao, ile hesabu ya "asilimia waliofungua" isikudanganye. Tangu Septemba 2021 simu za Apple zinaweza kupakua picha za barua zenyewe, kwa hivyo barua inahesabika imefunguliwa hata mwenyewe akiwa amelala.

Wengine wote wako WhatsApp. Ujumbe mmoja kwa orodha ya matangazo una mitego miwili: orodha moja inabeba watu 256 mwisho, na ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi nambari yako. Kama askari mpya hajahifadhi nambari ya ofisi, hapati kitu, na wewe huambiwi. Tukatumia grupu lisiloruhusu wengine kuandika, kwa sababu grupu la watu wote kuandika huzika tangazo chini ya heri za siku ya kuzaliwa ndani ya dakika kumi. Na si PDF, jameni. PDF inakula bando, na kwa simu ndogo inabidi uivute kushoto na kulia kama unasoma ramani. Andika maneno ndani ya ujumbe wenyewe. WhatsApp hukata ujumbe mrefu na kuficha mengine, kwa hivyo kile unachotaka kila mtu ajue lazima kiwe juu. "Jarida la Wafanyakazi, Toleo la Kwanza, Karibuni Sana" ni kupoteza nafasi ya bei ghali.

Halafu kuna wenye kabambe. Pale kwetu ni walinzi wa usiku wengi na wazee wa bustani. Kwao ni SMS, na SMS moja ni herufi 160. Ya Oktoba ilikuwa hivi:

"SHIF imechukua nafasi ya NHIF. Mshahara 24,000: utakatwa 660, si 750. Jisajili: piga *147#. Swali? Fika HR kabla ya Ijumaa."

Inatosha na nafasi inabaki. Kusema kweli nikiandika hiyo SMS kwanza, jarida lote huwa rahisi, kwa sababu tayari najua habari ni gani. Na nakala moja ya karatasi ilibandikwa pale getini ambapo watu husaini kuingia zamu, kwa maandishi makubwa, maana zamu ya usiku hufika giza likiwa limeingia.

Nilijuaje kama limesomwa? Grupu la WhatsApp hukuonyesha waliosoma, lakini hiyo inamaanisha walifungua grupu tu. Mimi niliangalia maswali. Kabla ya mshahara nilimwomba dada wa HR aandike kila swali analoulizwa kwenye daftari. Kama watu wanauliza "tutakatwa ngapi?", jarida limeshindwa, jibu lilikuwa mstari wa kwanza. Kama wanauliza "mtoto wa dada yangu ninayelea ninaweza kumwandikisha?", basi wamesoma, wamemaliza, na wako hatua ya pili. Wiki hiyo daftari lilijaa maswali ya aina ya pili. Hayo maswali ndiyo yalikuwa toleo la Novemba, sikuhitaji kubuni chochote.

Kuhusu sehemu ya mafanikio sitasema mengi. Picha ya mabosi wakipeana mikono hakuna anayeifungua mara mbili. Lakini niliandika vile zamu moja ya jikoni ililisha mabasi tisa yaliyofika pamoja usiku wa manane, na nani alifikiria kuchemsha maji ya chai mapema, na hiyo watu waliisambaza hadi kwa wake zao. Muulize mtu kwanza kabla ya kuweka picha yake. Kuna wengine wana wadai.

Na kuna kitu jarida haliwezi kufanya. Ofisi iliwahi kutaka nitangaze kwamba zamu fulani zinaongezwa saa, liishe hapo. Nilikataa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inasema mwajiri akibadilisha masharti kama saa za kazi lazima ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba, na amjulishe kwa maandishi. Makato ya serikali unaweza kuyaeleza kwenye jarida kwa sababu yanamshika kila mtu apende asipende. Saa za kazi za mtu ni mkataba wake, na tangazo la WhatsApp halijadiliani na mtu.

Februari 2025 ikaja NSSF. Redio zote: NSSF yapanda! Hesabu ya nyuma ilikuwa asilimia 6 ya mshahara, lakini ikihesabiwa hadi 36,000 tu. Mpya ikapandisha dari hadi 72,000. Kwa hivyo wa 24,000 alikuwa anakatwa 1,440 na akaendelea kukatwa hiyo hiyo 1,440. Wa 60,000 akatoka 2,160 hadi 3,600. Toleo la mwezi huo lilianza hivi: "Kama unalipwa 36,000 au chini, NSSF yako haibadiliki hata shilingi." Asubuhi yake pale jikoni hakuna aliyeuliza chochote, chapati ziliendelea kugeuzwa. Waliokuja mbio kwa HR walikuwa wanane, wote wa ofisini, na mbele yao wote alikuwa mhasibu.