Tangazo la Maneno Kumi na Matatu

Wiki iliyopita mpwa wangu alinionyesha kwenye simu tangazo la pikipiki yake: "Boxer kali, haina kipengele, wahi." Nikamuuliza kama injini imeshafunguliwa, na kadi iko kwa jina la nani. Akajibu, "Mjomba, anayeitaka si atapiga simu?"

Nikalikumbuka duka la karibu na stesheni ya Kingolwira, lililonuka mafuta ya taa na dagaa. Mwenye duka ndiye aliyetuandikia matangazo ya kupeleka gazetini, na gazeti lilitoza kwa neno. Nilipouza Honda yangu, nadhani 1986 (mke wangu anasema 1987, na iwe hivyo), nilimpelekea maneno ishirini na moja: "Ninauza pikipiki yangu nzuri aina ya Honda CG 125 ambayo bado ina nguvu sana na haijawahi kupata ajali hata siku moja."

Akachukua penseli ya nyuma ya sikio. "Ninauza" akaikata, maana safu yenyewe ni ya vinavyouzwa. "Nzuri" akaikata, kwani kila muuzaji husema hivyo. Kisha akauliza ya fundi. Nikamwambia silinda ilishachongwa mara mbili, pistoni ni ya 50. Akaandika, maana mnunuzi anayejua angehesabu mwenyewe: imebaki 75, kisha 100, halafu silinda mpya. Akaiwasha, akakaa nyuma ya bomba. Moshi wa bluu ungemwambia inakula oili. Haukutoka.

Akauliza tena, "Na gia?" Nikanyamaza. Ya pili ilikuwa ikichomoka kwenye mlima. Akaniambia, "Mwanangu, mtu wa Mgeta atalipa nauli kuja hapa, na mlima wao unapandwa kwa gia hiyohiyo. Utamrudisha na nini?" Tangazo likawa hili:

"Honda CG125. Pistoni 50. Haitoi moshi. Gia pili huchomoka. Kadi ipo. Kingolwira stesheni."

Maneno kumi na matatu. Hata "ya" ya "gia ya pili" aliiondoa, maana nayo ingelipiwa. Kiswahili kilimsaidia: "huchomoka" ni neno moja, na limebeba tabia nzima ya gia ile. Aliyeinunua alitoka Mikese, kwenye barabara ya tambarare. Alisoma ubovu kabla ya kuja, kwa hiyo hatukubishana bei.

Baadaye zikaja simu, yakaja makundi ya kuuziana, na neno likawa la bure. Sasa matangazo yamejaa "chuma" na "kali", na kijana anapanda gari kutoka mbali kuja kukuta pikipiki ya mkataba ambao haujaisha, kadi iko kwa mtu mwingine. Hilo linaniudhi kuliko moshi.

Mpwa wangu amelibadilisha tangazo. Sasa linasomeka: "Boxer 150. Injini imefunguliwa mara moja. Tairi la nyuma limeisha. Kadi jina langu. Kingolwira."