Kusikia kwa Kiingereza, Kufundisha kwa Kiswahili: Namna ya Kuandika na Kufupisha Nukuu za Mhadhara

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi hufanya kazi katika lugha mbili, na mara nyingi tatu. Mhadhara huusikia kwa Kiingereza, lugha aliyosomea sekondari. Atakapoingia darasani atafundisha kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967. Na hapa kwetu wilayani Same wengi wa wanafunzi wake, pengine na yeye mwenyewe, wamelelewa kwa Chasu. Basi nukuu zake, zile tunazoziita notsi, ni mahali ambapo elimu inavuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kosa likitokea hapo, halitaishia daftarini. Litasimama ubaoni, na watoto hamsini watalinakili.

Katika makala haya nitaeleza njia ninayoitumia pamoja na wanachuo wangu, na nitaifuata kwa mfano mmoja tu wa mhadhara: ule wa jiografia unaohusu mvua za milimani. Maneno ya Kiingereza nitayaandika kama yanavyosikika masikioni mwa mwanachuo, kwa maana hivyo ndivyo yanavyomfikia kwanza.

Tuanze na mkono. Mhadhiri asemaye kwa utulivu hutamka maneno mia moja na zaidi kwa dakika. Mkono wa mwanachuo, akiandika kwa haraka huku maandishi yakisomeka, hauvuki sana maneno ishirini na kitu. Ndugu msomaji anaweza kulihakikisha hili kwa saa ya mkononi na mwenzake wa kumsomea. Kwa hiyo anayejaribu kuandika kila neno hupoteza manne kati ya matano, na yanayompotea hayachagui yeye. Anayejaribu kutafsiri kila sentensi inapotamkwa hupoteza zaidi, kwa sababu wakati anatafuta neno la Kiswahili, sentensi mbili nyingine zimekwisha kupita.

Kwa sababu hiyo ninawaagiza wanachuo wasitafsiri istilahi wakati wa mhadhara. Ukurasa hugawanywa kwa mstari wa wima, robo moja kushoto na robo tatu kulia, na nafasi ya mistari sita huachwa chini. Mpangilio wa namna hii ulienezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Kornell nchini Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu namna ya kujifunza chuoni. Sisi tumeuongezea jambo moja tu linalohusu lugha. Upande wa kulia istilahi huandikwa kama ilivyosikika, hata kama tahajia haijulikani, na kuzungushiwa duara. Lakini maneno ya kuunganisha mawazo, yaani *kwa sababu*, *kisha*, *lakini*, *kwa hiyo*, huandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Maneno hayo ni mafupi na hayahitaji kamusi. Tena ndiyo yanayoonyesha kama mwandishi ameelewa jinsi jambo moja linavyozaa jingine.

Mwanachuo mmoja aliandika nukuu zifuatazo, nazo ni mfano mzuri wa hali ya wengi: «Relifu reni. Eya inaraizi, inakuli, inakondensi. Windiwadi mvua nyingi. Liwadi drai. Reni shado.» Mwandishi amesikia vizuri, wala hakuna kilichopotea katika istilahi. Kilichopotea ni viunganishi. Hatujui kama hewa hupoa kwa sababu inapanda au inapanda kwa sababu imepoa.

Hatua ya pili ni kutafsiri, nayo hufanyika jioni ya siku ile ile, wakati sauti ya mhadhiri bado ingali masikioni. Mwanachuo huchagua istilahi zisizozidi tano, zile ambazo bila hizo somo halisimami. Kwa kila moja huandika kwanza maana yake kwa sentensi nzima ya Kiswahili, kwa kutegemea mhadhara, kabla ya kufungua kamusi. Baada ya hapo ndipo anapotafuta neno. Utaratibu huu usigeuzwe, na sababu yake ilionekana kwa mwanachuo huyo huyo.

Yeye alianza na kamusi. Alitafuta «relifu» akakuta maana za nafuu, faraja na msaada, akaandika katika andalio lake la somo: «mvua ya nafuu.» Wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya tambarare chini ya milima, nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa nikimsikiliza. Mtoto wa kike aliinua mkono akauliza: «Mwalimu, mbona huku kwetu mahindi yamekauka? Hiyo nafuu ni ya nani?» Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Neno lile lilikuwa limemwambia mtoto kwamba mvua hii ni ile inayowaondolea watu shida, naye akalipima neno kwa shamba la mama yake.

Neno la Kiingereza lina maana zaidi ya moja, na katika jiografia «relifu» ni umbo la nchi kwa kutazama miinuko na mabonde yake. Lau mwanachuo angeandika kwanza sentensi hii: «Ni mvua inayonyesha kwa sababu mlima umeilazimisha hewa yenye mvuke kupanda», angeona mara moja kwamba nafuu haimo humo. Angefika mwenyewe kwenye jina rahisi, mvua ya milima.

Istilahi ya pili, «reni shado», ina hatari ya aina nyingine. Tafsiri ya neno kwa neno ni kivuli cha mvua, na hakuna kamusi itakayoipinga. Lakini kwa mtoto wa Makanya au Hedaru, kivuli ni mahali pa baridi ambapo mtu na mbuzi wake hukimbilia adhuhuri. Katika jiografia, kinyume chake, neno hili linataja upande mkavu wenye joto, ambao mlima umeunyima mvua. Hapa hatukulikataa neno, ila tuliliwekea sentensi ya kulifafanua: «kivuli cha mvua ni upande ambao mlima umeukinga usipate mvua.»

Mfano wa tatu ni «windiwadi» na «liwadi». Kiswahili kina maneno yake ya asili kwa jambo hili: mabaharia wa pwani husema upande wa goshini kwa ule unaopokea upepo, na upande wa demani kwa ule wa pili. Ni maneno sahihi, lakini mtoto wa Upareni asiyepata kuona tanga atahitaji kufundishwa ubaharia kabla ya jiografia. Tuliandika «upande unaopokea upepo» na «upande uliokingwa». Basi jaribio la mwisho la kila tafsiri ni hili: iweke kinywani mwa mwanafunzi wa darasa la tano, umwulize anaona nini. Mwanachuo anayejua Chasu na ajieleze kwanza jambo hilo kwa Chasu. Akikwama, ajue kuwa hajaelewa mhadhara, wala tatizo si Kiswahili.

Hatua ya tatu ni muhtasari. Daftari hufungwa, na mwanachuo huandika kwa kumbukumbu sentensi tano, si zaidi, kila moja ikiwa na kitenzi. Ninasisitiza kitenzi kwa sababu muhtasari mwingi ninaousahihisha ni orodha ya vichwa vya habari: «Maana ya mvua ya milima. Pande mbili. Mifano.» Orodha kama hiyo humwambia msomaji mhadhara ulihusu nini, lakini haimwambii ulisema nini.

Mwanachuo wetu, baada ya kurudia kazi, aliandika hivi: «Upepo kutoka Bahari ya Hindi huja na mvuke. Ukikutana na Milima ya Upare hulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, mvuke hugeuka matone, na mvua hunyesha upande unaopokea upepo. Upande wa pili hewa hushuka ikiwa kavu. Kwa hiyo Same na Makanya hupata mvua haba.»

Nilimwuliza swali moja: kwa nini huku chini si kukavu tu, bali pia kuna joto? Alifungua daftari akakuta, karibu na ukingo wa ukurasa, maneno mawili aliyoyaandika bila kuyazungushia duara: «disendi, womu.» Muhtasari ulikuwa umefichua pengo ambalo nukuu zililificha. Hewa ikishuka hugandamizwa, na kwa kugandamizwa hupata joto. Tena hupata joto kwa kasi kuliko ilivyopoa. Ikipanda ndani ya mawingu hupoa kwa nyuzi 5 au 6 hivi za Selsiasi kwa kila kilomita, kwa kuwa mvuke unaogeuka matone huirudishia joto. Ikishuka kavu hupata nyuzi 10 hivi kwa kila kilomita. Kilele cha Shengena kina mita 2462, na mji wa Same uko chini ya mita 1000, kwa hiyo mteremko ni mrefu wa kutosha kuifanya tofauti hiyo ihisike ngozini. Sentensi ya nne akaiandika upya kwa wino mwekundu: «Upande wa pili hewa hushuka, hugandamizwa na kupata joto, na mawingu hutoweka.»

Rangi ya pili hiyo ni ya lazima. Baada ya majuma machache mwanachuo akipitia daftari lake, wino mwekundu humwonyesha mahali alipodhani anajua. Siku tatu baadaye hufunika upande wa kulia wa ukurasa na kujiuliza kila istilahi iliyo kushoto. Asiyoweza kuieleza huirudia.

Kutoka katika sentensi tano hizo andalio la somo lilikaribia kujiandika lenyewe. Aliporudi darasani alianza na ndiva, yale mabwawa madogo ambamo wakulima wa bonde la Makanya hukusanya usiku maji ya vijito vinavyoshuka kutoka milimani, ili wayafungulie mchana yaingie mifereji ya mashamba. Aliwauliza watoto kwa nini maji yatoke juu wakati mvua hainyeshi chini. Mtoto yule wa mahindi alikuwa miongoni mwa waliojibu.

Njia hii ina mipaka yake. Huchukua nusu saa au zaidi kwa kila mhadhara, na anayetaka kutafsiri istilahi ishirini badala ya tano ataiacha kabla ya juma kwisha. Haifai kwa somo la hesabu, ambako hatua za kukokotoa hazifupishwi kwa sentensi. Tena neno ulilolichagua mwenyewe, hata likiwa zuri, huenda lisiwe lile la kitabu cha kiada, nalo la kitabu ndilo mtoto atakalolikuta kwenye karatasi ya mtihani wa darasa la saba. Andika yote mawili kushoto mwa ukurasa, la kitabu juu na lako chini. La chini litakusaidia kueleza; la juu mwachie mtoto alitumie kujibu.