Walisema Kalewa, Kumbe Damu Yake Ilikuwa Imezidiwa na Maji

Mnaikumbuka ile klipu ya sendofu ya Sinza? Mshereheshaji mmoja hapa mjini, jina kapuni, bei yake haishikiki, suti zake ndo zile mnazozijua. Klipu yenyewe sekunde arobaini tu. Anamtambulisha bibi harusi mtarajiwa kwa jina la mama yake mzazi. Anarudia tena. Anacheka peke yake, anataka kushuka jukwaani, mguu unakosa ngazi, anaidaka meza ya keki.

Komenti zikafurika. "Mzee kapiga vitu vikali." "Bei mbaya kumbe mlevi." Hadi Jumatatu asubuhi familia mbili zilikuwa zimeshadai advansi zao.

Sasa sikilizeni. Jamaa ana miaka 52 na pombe aliiacha kitambo. Sigara ndo ilimshinda, pakiti moja kwa siku tangu akiwa kijana. Mkewe alikuwa ukumbini siku hiyo na anajua mumewe alikunywa nini: maji. Maji mengi sana.

Maana mambo hayakuanzia Sinza. Kama wiki tano nyuma jamaa alikuwa analalamika kichwa kinauma, chakula hakipandi, kichefuchefu kila asubuhi. Akaanza kusahau. Anaweka funguo kwenye friji, anauliza swali lilelile mara tatu. Kila aliyesikia akatoa ushauri ule ule wa mjini: "Hiyo ni uchovu na joto, broo, kunywa maji." Waifu kwa upendo wake akawa anamsimamia lita tatu kila siku. Hakuna wa kumlaumu hapo, nani angejua?

Siku mbili baada ya klipu, jamaa hata siku ya wiki haijui. Wakamkimbiza zahanati ya jirani. Malaria hakuna, sukari iko poa, taifodi wakasema ipo ipo kidogo. Akatundikiwa dripu ya maji ya chumvi, chupa mbili, jumla lita mbili, akarudi nyumbani. Usiku saa nane akaanguka degedege kitandani, macho juu, ulimi kaung'ata, damu kwenye mto.

Hospitali kubwa ndo walimpima sodiamu, ile chumvi ya kwenye damu. Kwa mtu mzima inatakiwa iwe kati ya 135 na 145, milimoli kwa lita. Yake ilisoma 112.

Hapa pana kitu wengi wanakielewa vibaya. Ukisikia chumvi imeshuka unadhani mtu hali chumvi ya kutosha. Jamaa chumvi yake ilikuwepo, tatizo maji yalizidi. Ni kama mchuzi uliokolea vizuri halafu mtu akaongeza jagi la maji. Damu ikiwa nyepesi hivyo, maji yanaingia kwenye seli, na seli za ubongo zinavimba. Kwingine mwilini kuvimba kidogo kuna nafasi, ila fuvu ni mfupa, halitanuki. Ndo unapata kichwa kuuma, kusahau, kuyumba kama mlevi, na mwisho degedege.

Dokta aliyemshika alikuwa kijana, mpole, ila maswali yake yalikuwa kama ya polisi. "Mama, anatumia vidonge vya presha? Vile vya kukojoza?" Hapana. "Vya kifafa? Vya msongo wa mawazo?" Hapana. Alitapika sana au kuharisha? Hapana. Akabonyeza miguu yake kuona kama imejaa, akapima presha amelala na amekaa. Akachukua damu ya kuangalia tezi ya shingo na tezi zilizo juu ya figo, maana hizo nazo zikigoma zinashusha sodiamu. Zote safi.

Kisha akaomba mkojo, na mkojo ndo ukaongea.

Mtu mwenye maji mengi mwilini anatakiwa akojoe mkojo mweupe kama maji ya bomba, figo zinamwaga ziada. Kuna kipimo cha kuona mkojo umekolea kiasi gani, kinaitwa osmolaliti. Kwa hali ile ilitakiwa ishuke chini ya 100. Ya jamaa ilikuwa 620. Yaani mwili umefurika, halafu figo zinabana maji kama vile mtu kapotea jangwani, na hapohapo zinatupa chumvi.

Sasa rudini kwenye zile dripu za zahanati. Lita moja ina chumvi gramu 9. Kwa mkojo uliokolea kiasi kile, figo zake zilikuwa zinaweza kuitoa chumvi yote hiyo kwenye nusu lita tu ya mkojo. Nusu lita nyingine inabaki mwilini ikiwa maji matupu. Dripu mbili, lita nzima ya maji imeongezeka. Ile dripu iliyoonekana msaada ndo iliyomsukumia kwenye degedege.

Nani anaziamrisha figo zibane maji? Kuna homoni inatengenezwa kwenye ubongo kwa kazi hiyo, inatoka ukiwa na kiu na inanyamaza ukishakunywa. Ya jamaa haikunyamaza. Dokta akamuuliza mkewe swali moja tu: "Baba anavuta?"

Huyu mama baadaye alisema alidhani dokta kabadilisha mada, kama watu wanavyofanya wakiona mambo magumu. Kichwa na sigara wapi na wapi?

Picha ya eksirei ya kifua ilionyesha kivuli kidogo pembeni ya moyo upande wa kulia, cha kupita bila kuonwa. Siti skani ikaonyesha vizuri: uvimbe wa sentimita nne pale bomba kubwa la hewa linapoingia kwenye pafu, na tezi zimevimba jirani. Wakapima makohozi ya kifua kikuu, maana TB nayo ya mapafu inaweza kushusha sodiamu hivihivi. Hakuna. Wakaingiza kamera kupitia kooni, wakakata kinyama. Jibu: saratani ya mapafu ya seli ndogo.

Na seli za saratani hii zina tabia ya ajabu, zinaweza kutengeneza homoni za watu wengine. Zake zilikuwa zinatengeneza ileile ya kubana maji, usiku na mchana, bila kumuuliza ubongo. Uvimbe umekaa kifuani kimya, kelele zinasikika kichwani. Kikohozi alikuwa nacho, ila ni kile cha mvutaji cha miaka yote, nani angekihesabu?

Matatizo ya aina hii, ambapo uvimbe unaharibu mambo mbali na ulipokaa bila kusambaa hadi huko, yanaitwa sindromu za paraneoplastiki. Ya sodiamu wataalamu wa Marekani akina Schwartz na Bartter waliieleza mwaka 1957, kwa wagonjwa wawili, wote wa saratani ya mapafu. Na saratani hiyohiyo kwa mtu mwingine inakuja kwa sura nyingine: kinga ya mwili inapigana na uvimbe, halafu kwa kuchanganya inashambulia pale mishipa ya fahamu inapokutana na misuli. Huyo kichwa chake kizima, ila kuinuka kwenye kochi ni shughuli, ngazi hapandi.

Tusitishane hapa. Sodiamu ikishuka mara nyingi ni vidonge, ni kutapika, ni moyo au ini. Saratani inatafutwa pale hayo yote yakikosekana, mkojo umekolea bila sababu, na zaidi kama mtu ni mvutaji.

Matibabu nayo yana mtego wake, na ndo sehemu iliyomkosesha mkewe usingizi. Kwa sababu ya degedege walimpa maji ya chumvi kali, ile ya asilimia 3, mililita 150 tu kwa dakika ishirini, kisha wakasimama na kupima tena. Ndugu wakaja juu. Kama chumvi imeshuka si mmpandishe fasta?

Dokta akawaelewesha. Ubongo uliokaa wiki kadhaa kwenye maji mengi umeshajipanga, umetupa chumvi zake ili usivimbe zaidi. Ukiirudisha sodiamu kwa haraka, maji yanachomoka kwenye ubongo kwa kishindo na ganda la nyaya zake linaharibika. Mtu anaonekana amepona, halafu baada ya siku chache hawezi kumeza wala kuongea, na wengine hawarudi tena. Kwa hiyo wakaweka mpaka: isipande zaidi ya 8 kwa saa 24. Mtu anayekula kwa mdomo wake, hebu fikirieni. Wakawa wanapima kila saa chache. Siku ya kwanza ilifika 119. Siku ya pili 125. Siku ya tatu akamtazama mkewe na kuuliza, "Ile sendofu niliimaliza kweli?"

Baada ya hapo ikawa vita ya maji. Mililita 800 kwa siku, Dar hii, na kila kimiminika kinahesabiwa: chai, uji, mchuzi, supu. Mkewe alipima kwa chupa ya nusu lita aliyoichora mistari kwa peni. Wageni wanakuja na matikiti, madafu, juisi ya ukwaju, yeye anapokea mlangoni na kuwanywesha watoto wa wodini. Shangazi mtu akanuna: "Mnamnyima mgonjwa maji?" Mgonjwa mwenyewe alikamatwa alfajiri anafyonza kitambaa chenye maji alichofutiwa uso.

Kilichofungua bomba ni kemo. Dawa mbili, dozi kila baada ya siku 21, na wakachagua ile isiyohitaji kumwagiwa dripu nyingi, mnajua kwa nini. Uvimbe ulianza kunywea, na homoni ikapungua nao. Kabla ya dozi ya tatu sodiamu ilisoma 136, akaruhusiwa kunywa kama watu wengine. Glasi ya kwanza alilia.

Ila hajaambiwa amepona. Saratani hii huitikia dawa haraka, na hurudi mara nyingi. Baada ya kemo na mionzi ya kifua, sodiamu imebaki kuwa mlinzi wao wa mlangoni: ikianza kushuka tena bila sababu, inabidi kifua kiangaliwe upya. Mkewe akichukua majibu maabara hasomi karatasi yote. Anatafuta mstari mmoja.

Mwezi uliopita jamaa alishika maiki kwenye kicheni pati ya binti wa jirani, bure, nusu saa, amekaa kwenye kiti. Majina yote alipatia. Klipu ya Sinza bado ipo mtandaoni, na komenti iliyo juu kabisa bado ni ile ya vitu vikali. Mtoto wake wa kwanza alitaka kumjibu yule mtu, baba akamwambia aache. Jumatano wana kipimo kingine.