Elfu sita za kulipa bima pole pole

Mama mmoja muuza nguo mjini Nakuru alipewa bei mbili za bima ya afya ya mwaka mzima: yake, ya mumewe na ya watoto wawili. Kwa mkupuo ni Sh72,000. Kila mwezi ni Sh6,500. Alichagua ya pili papo hapo, kwa kuwa ndiyo pesa aliyokuwa nayo. Kitindamimba wake ana pumu, naye hakutaka kukaa siku nyingine bila kadi.

Jioni mumewe alizidisha 6,500 mara 12 kwenye simu akapata 78,000.

“Mama watoto, hizi elfu sita ni za nini?”

Ni bei ya mkopo, ingawa wakala hakulitaja neno hilo. Kampuni ikilipwa zote mwanzoni huziwekeza. Anayelipa kidogo kidogo huinyima nafasi hiyo, huiongezea kazi ya kukusanya, na huenda akaacha njiani. Wakati mwingine benki ndiyo humlipia mteja, kisha ikamdai kwa awamu na riba.

Elfu sita juu ya 72,000 huonekana kama asilimia 8 tu. Lakini mama huyu alilipa 6,500 siku ya kwanza, kwa hiyo deni lilikuwa 65,500, na lilizidi kushuka kila mwezi. Kwa wastani alidaiwa takriban nusu ya hizo, na hazikufika hata miezi 12. Ukipiga hesabu hivyo, riba inakaribia asilimia 18 kwa mwaka. Chama chao cha akiba na mikopo hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Angekopa 72,000 huko na kurejesha kwa mwaka, riba yote ingekuwa kama Sh4,770. Tatizo ni kwamba wadhamini hawapatikani kwa siku moja.

Basi wakaanza kwa awamu, na haukuwa uamuzi mbaya: mtoto alikuwa na kinga. Ila mwezi wa nne biashara ilidorora, malipo yakachelewa siku sita. Jumamosi usiku mtoto akaanza kukoroma kifua, na hospitalini kadi ikakataliwa. Walilipa taslimu. Jumatatu walipomaliza deni la mwezi kadi ilifufuka, lakini pesa za usiku ule hazikurudi. Mkataba ulisema hivyo, kwa maandishi madogo ambayo hakuna aliyeyasoma. Kuna mikataba inayotoa siku kadhaa za kusubiriwa, na mingine hata huanza upya muda wa kungoja wa huduma kama uzazi. Hilo huulizwa kabla ya kutia sahihi.

Sasa amepiga simu kuuliza bei ya kulipa kwa awamu mbili tu, kwa kuwa awamu zikipungua nyongeza nayo huelekea kupungua. Fomu za wadhamini amezipeleka chamani miezi miwili kabla ya bima kwisha.