SEHEMU YA 4: "ULIANZA LINI KUWA HIVI?"

Wiki iliyopita mlinijaza maswali kuhusu watoto wasiotulia. Leo tuongee kuhusu sisi wenyewe, maana ADHD, yaani tatizo la umakini na utulivu, haianzi ukubwani. Mtu mzima anayegundulika leo alikuwa nayo tangu utoto, ila haikuonekana.

Dada yangu ana miaka 36 na ameniruhusu niandike. Kila siku anaunguza maharage, siyo kwa sababu yuko kwenye simu, ni kwamba akitoka jikoni kuchukua kitu, jiko linafutika kabisa kichwani. Marejesho ya kikoba anapeleka kwa kuchelewa na faini juu, wakati hela anayo mkononi. Tarehe za kliniki ya mtoto zinampita. Shemeji alifika mahali akasema, "Huyu mwanamke hajali." Yeye mwenyewe alijiita mvivu. Ndoa ilikuwa inayumba kweli.

Alipoenda kwa daktari wa magonjwa ya akili, alipewa kwanza dodoso fupi la maswali sita ya Shirika la Afya Duniani. Linauliza mambo ya miezi sita iliyopita, kama vile unasahau miadi mara ngapi, au kazi unaianza lakini kumalizia kunakushinda mara ngapi. Majibu manne yakiangukia upande wa juu, unachunguzwa zaidi. Dodoso hili ni chekecheo tu, halikupi jibu. Ndiyo maana nawaambia msijipime mitandaoni mkaishia hapo.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha ADHD. Dada alitolewa damu, ndiyo, lakini ilikuwa ya kutafuta mambo mengine. Upungufu wa damu na homoni za tezi la shingo zikivurugika, vyote vinaweza kukufanya usahau na uchoke. Mtoto wake ana miezi tisa na usiku halali, na mama asiyelala anasahau hata jina lake! Sonona baada ya kujifungua nayo inaharibu umakini.

Sasa daktari anatofautishaje? Kwa swali moja: "Ulianza lini kuwa hivi?" Mwenye sonona mara nyingi atakwambia, kabla ya mimba hii nilikuwa mzima. Uchovu wa kunyonyesha nao una mwanzo wake. Dada alishindwa kutaja mwanzo. Alijibu, "Sijawahi kuwa tofauti."

Lakini maneno yake peke yake hayatoshi, kwa sababu kumbukumbu ya mtu mzima inateleza. Mwongozo ambao madaktari wengi wanautumia unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Kwa hiyo daktari akaomba mtu aliyemjua utotoni, na ripoti za shule kama zipo.

Nikaenda kwa mama kijijini. Mama hatupi karatasi. Kwenye sanduku la vitenge tukakuta ripoti za darasa la tatu mpaka la sita. Mwalimu ameandika, "Ana uwezo, hayupo darasani kimawazo." Muhula mwingine: "Hamalizi kazi." Mama akakumbuka sweta tatu za shule zilizopotea mwaka mmoja, na mtoto akitumwa chumvi anarudi mikono mitupu. Hakuwa mtukutu. Alikaa kimya dirishani, na mtoto wa kike mpole hapelekwi hospitali, anaambiwa aongeze bidii tu. Wasichana wengi wanapitwa hivyo.

Kama kwenu hakuna ripoti, shangazi au kaka mkubwa anaweza kueleza. Kama hakuna kabisa, daktari anaweza kuchukua muda mrefu zaidi, na wakati mwingine atasema bado hana uhakika.

Shemeji naye aliitwa, kwa sababu dalili zinatakiwa zionekane sehemu zaidi ya moja. Ukisahau ofisini tu na nyumbani uko sawa, huenda shida ni ofisi. Mwisho daktari alihesabu. Kuna orodha mbili za dalili tisa tisa, moja ya umakini, nyingine ya kutotulia na kukurupuka. Mtu mzima anahitaji angalau tano kwenye orodha mojawapo, na ziwe zinamharibia maisha kweli. Dada alikuwa na saba za umakini, na mbili tu za kutotulia.

Shemeji alipoziona zile ripoti alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kabla hata sijamjua?" Sasa hivi yeye ndiye anaweka kengele ya simu ya kikoba. Suala la dawa daktari analipima taratibu, kwa sababu dada bado ananyonyesha.

Mama, zile ripoti za zamani usiziwashie moto. Na za mwanao pia, zitunze.

Sehemu ya 5 nitaeleza matibabu.